Milinganyo 18 na Njia Mbili za Kuitatua

Mwaka 1946, katika Maabara ya Taifa ya Fizikia huko Teddington, pembezoni mwa London, idara ya hisabati ililetewa mfumo wa milinganyo 18 yenye namba 18 zisizojulikana. Kompyuta ambayo maabara hiyo ilikusudia kuijenga ilikuwa bado michoro kwenye karatasi. Kazi ikaangukia watu wanne waliokuwa na mashine za mezani za kuhesabia: Leslie Fox, E. T. Goodwin, Alan Turing na kijana aliyeitwa James Wilkinson. Wilkinson ndiye aliyekuja kusimulia habari hiyo mwaka 1970, alipotoa mhadhara wa kupokea tuzo iliyopewa jina la mwenzake Turing.

Walichagua njia ya kuondoa, yaani kufuta namba zisizojulikana moja baada ya nyingine mpaka ibaki moja tu. Turing hakuichangamkia sana kazi hiyo. Hakuwa mzoefu wa mashine za mezani, na zaidi ya hapo aliamini jibu litakaloibuka litakuwa limeharibika. Hofu yake haikuwa yake peke yake. Mwaka 1943 mtakwimu Mmarekani Harold Hotelling alikuwa amechapisha hesabu iliyoonyesha kwamba kosa dogo la kukata desimali linaweza kukua mara nne kwa kila namba isiyojulikana inayoongezwa. Kwa milinganyo 18, ukuaji wa aina hiyo ungefikia makumi ya mabilioni, na desimali zote walizokuwa wakizibeba zingegeuka takataka.

Kulikuwa na njia nyingine, maarufu tangu mwaka 1750, inayotoa jibu la kila namba isiyojulikana kwa fomula moja safi isiyohitaji kufuta chochote. Inaitwa kanuni ya Cramer, na inatumia determinanti. Hakuna hata mmoja wa wale wanne ambaye angekubali kuitumia kwa milinganyo 18. Sababu zao bado ni zile zile zinazowafanya waandishi wa programu za kompyuta leo waiache kando, na ili kuzielewa ni vizuri kuziona njia zote mbili zikifanya kazi juu ya swali moja.

Swali lenyewe ni la kale. Limo katika kitabu cha Kichina cha enzi ya ufalme wa Han kiitwacho Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, ambacho mwaka 263 mwanahisabati Liu Hui alikiandikia maelezo. Sura ya nane inaanza na miganda ya nafaka ya madaraja matatu. Miganda 3 ya daraja la juu, 2 ya daraja la kati na 1 ya daraja la chini hutoa dou 39 za nafaka, dou kikiwa kipimo cha ujazo cha Wachina. Miganda 2 ya juu, 3 ya kati na 1 ya chini hutoa dou 34. Mganda 1 wa juu, 2 ya kati na 3 ya chini hutoa dou 26. Mganda mmoja wa kila daraja unatoa dou ngapi? Tukiyaita mazao ya mganda mmoja x, y na z, kuanzia daraja la juu, tunapata hivi:

```
3x + 2y +  z = 39
2x + 3y +  z = 34
 x + 2y + 3z = 26
```

Kitabu hicho kinatatua swali kwa vijiti vya kuhesabia vilivyopangwa juu ya ubao, na hatua zake ni njia ya kuondoa tunayoifahamu leo. Mlinganyo wa pili unazidishwa kwa 3, na kuwa 6x + 9y + 3z = 102. Kisha mlinganyo wa kwanza unatolewa humo mara mbili, x inatoweka, na kinachobaki ni 5y + z = 24. Mlinganyo wa tatu nao unazidishwa kwa 3, wa kwanza unatolewa mara moja, na kinabaki 4y + 8z = 39.

Sasa kuna milinganyo miwili yenye namba mbili zisizojulikana. Ule wa 4y unazidishwa kwa 5, na ule wa 5y unatolewa humo mara nne. Ya y inatoweka na tunabaki na 36z = 99, yaani z = 2.75. Tukirudi nyuma, 5y + 2.75 = 24 inatupa y = 4.25. Tukirudi nyuma tena mpaka mlinganyo wa kwanza, 3x + 8.5 + 2.75 = 39 inatupa x = 9.25. Hayo ndiyo majibu ya kitabu: dou tisa na robo, nne na robo, na mbili na robo tatu.

Ulaya iliifahamu njia hii kwa sura nyingine, na leo inaitwa kwa jina la Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyeitumia mwaka 1810 kukokotoa njia ya sayari ndogo ya Pallas kutokana na vipimo vya angani. Wachina walikuwa wameitangulia kazi yake kwa karne nyingi.

Gabriel Cramer alikuwa mwanahisabati wa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1704. Mwaka 1750 alitoa kitabu kikubwa juu ya mistari iliyopinda, na ndani yake likajitokeza swali hili: ukipewa nukta tano kwenye karatasi, ni duaradufu gani, au mkunjo gani wa jamii yake, unaopita katika zote tano? Kila nukta inatoa mlinganyo mmoja, na mkunjo una namba tano zisizojulikana. Cramer aliweka jibu la jumla katika kiambatisho cha kitabu chake, kwa mfumo wa ukubwa wowote. Mskoti Colin Maclaurin alikuwa ameandika jambo lile lile kwa mifumo ya milinganyo miwili na mitatu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1748, miaka miwili baada ya kifo chake. Jina la Cramer ndilo lililobaki.

Determinanti ni namba moja inayokokotolewa kutoka katika jedwali la mraba la namba, yaani matriksi. Kwa jedwali la mistari miwili, lenye a na b juu na c na d chini, determinanti ni ad − bc. Kwa jedwali kubwa zaidi utaratibu ni huu: chagua namba moja kutoka kila mstari, bila mbili kuwa katika safu wima moja, na uzizidishe. Fanya hivyo kwa kila namna inayowezekana ya kuchagua. Kisha mazao yote yajumlishwe, nusu yake yakiwa na alama ya kujumlisha na nusu yenye alama ya kutoa, kwa kanuni maalumu. Kwa jedwali la mistari mitatu kuna mazao sita ya namna hiyo.

Kwa swali la miganda, determinanti ya jedwali la upande wa kushoto ni 12. Kanuni ya Cramer inasema hivi: ukitaka x, ondoa safu wima ya x na mahali pake uweke namba za kulia, 39, 34 na 26. Determinanti ya jedwali hilo jipya ni 111, na 111 ikigawanywa kwa 12 ni 9.25. Ukitaka y, badilisha safu ya pili badala ya ya kwanza. Unapata 51, na 51 kwa 12 ni 4.25. Safu ya tatu inatoa 33, na jibu ni 2.75.

Kanuni hii ni nzuri mno. Kila namba isiyojulikana inapata fomula yake yenyewe, isiyosubiri nyingine. Mtu anayetaka z peke yake hahitaji kuijua y. Tena determinanti ya chini ya mgawo inatoa onyo mapema: ikiwa ni sifuri kamili, basi mfumo hauna jibu moja pekee, ama hauna jibu kabisa au una majibu yasiyo na idadi. Kwa milinganyo miwili, fomula inaweza kuandikwa kwenye kiganja. Ni rahisi kuona kwa nini walimu wanaipenda na wanafunzi wanaikariri.

Tatizo la kwanza linaonekana mtu anapohesabu kazi. Mazao ya determinanti yanaongezeka kwa namna ambayo akili haiitegemei. Kwa mistari miwili ni 2, kwa mitatu ni 6, kwa minne ni 24, kwa mitano ni 120. Kila mstari mpya unazidisha idadi iliyotangulia kwa namba ya mstari huo. Kwa nukta tano za Cramer, zinahitajika determinanti sita zenye mazao 120 kila moja, jumla 720, na kila zao lina kuzidisha mara nne. Njia ya kuondoa inaumaliza mfumo huo huo kwa kuzidisha na kugawanya mara 65. Cramer mwenyewe angeweza kuona tofauti hiyo kwa kalamu yake.

Kwa milinganyo 18 ya Teddington, determinanti moja ina mazao zaidi ya trilioni 6,400. Zinahitajika determinanti 19, na kila zao linahitaji kuzidisha mara 17. Kompyuta inayozidisha mara bilioni moja kwa sekunde ingefanya kazi hiyo kwa miaka 65 bila kupumzika. Ongeza milinganyo miwili tu, ifike 20, na muda unapanda hadi zaidi ya miaka 30,000.

Msomaji mwenye jicho kali atasema kwamba huo ni uzembe, kwa sababu mazao mengi yanashirikiana vipande na hakuna haja ya kuvizidisha upya kila mara. Ni kweli. Determinanti ikifunguliwa kwa mpangilio mzuri, ule wa mstari kwa mstari unaofundishwa shuleni, kazi inapungua karibu mara kumi. Miaka 65 inakuwa sita na nusu, na miaka 30,000 inakuwa kama 2,800. Lakini ukuaji wenyewe haujaguswa. Mwaka 2022, kompyuta ya Frontier huko Oak Ridge, Marekani, ilikuwa ya kwanza kwenye orodha rasmi ya kompyuta zenye kasi kubwa kuvuka matendo bilioni bilioni kwa sekunde. Mfumo wa milinganyo 30, kwa kanuni ya Cramer na kwa mpangilio huo mzuri, ungeishughulisha Frontier kwa miaka zaidi ya milioni 400.

Njia ya kuondoa kwa milinganyo 30 inahitaji kuzidisha na kugawanya mara 9,890. Kwa 18 inahitaji mara 2,262, kazi ambayo watu wanne wenye mashine za mezani waliweza kuibeba mpaka mwisho. Idadi hiyo inakua takriban kwa theluthi ya mchemraba wa idadi ya milinganyo: ukiongeza milinganyo mara mbili, kazi inaongezeka kama mara nane. Hilo ni ongezeko la kuumiza lakini linalopangika. Kompyuta ya kawaida ya mezani inamaliza milinganyo 1,000 kabla mtu hajanyanyua mkono kutoka kwenye kibodi. Na kipimo kilichoipa Frontier nafasi yake kwenye ile orodha ni hiki hiki: kutatua mfumo mkubwa sana wa milinganyo kwa njia ya kuondoa, na kuhesabu muda uliotumika.

Lipo pingamizi moja linalostahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoijua hisabati vizuri. Determinanti yenyewe inaweza kukokotolewa kwa njia ya kuondoa. Unafuta namba zilizo chini ya ulalo wa jedwali, kisha unazidisha zile zilizobaki kwenye ulalo, na hiyo ndiyo determinanti. Kwa jedwali la 18 kwa 18 hiyo ni kazi ya kuzidisha na kugawanya mara 1,955 tu. Kwa nini basi kanuni ya Cramer isitumie determinanti za namna hiyo?

Inaweza. Lakini zinahitajika 19, na jumla yake ni zaidi ya 37,000, dhidi ya 2,262. Na hapo ndipo kanuni inapopoteza sababu ya kuwepo kwake kwenye kazi hii. Mtu aliyekwisha kufuta namba ili kupata determinanti ya kwanza ameshafanya sehemu kubwa ya kazi ya kutatua mfumo mzima. Amebakiza kuipitisha safu ya kulia katika hatua zile zile na kurudi nyuma, hatua 324 tu kwa mfumo wa 18. Kuanza upya mara 18 ili kupata kile kilichokwisha kuwa mkononi ni kutupa kazi.

Hata hivyo, kasi peke yake haitoshi kuamua. Kwa milinganyo miwili, Cramer na kuondoa zinagharimu karibu sawa, na mtu angeweza kudhani kwamba hapo angalau ni hiari ya mtumiaji. Mfano ufuatao ni wa kawaida katika fani ya hesabu za kompyuta, na unaonyesha vinginevyo:

```
0.780x + 0.563y = 0.217
0.913x + 0.659y = 0.254
```

Jibu kamili ni x = 1 na y = −1, na msomaji anaweza kulihakiki kwa kutoa tu. Determinanti ni 0.514020 ukitoa 0.514019, yaani 0.000001. Milinganyo hii miwili ni kama mistari miwili iliyochorwa karibu juu ya mmoja na mwenzake: inakutana mahali pamoja, lakini ukiisogeza kidogo tu, mahali hapo panakimbia mbali. Mifumo ya aina hii si ya kubuni tu. Inatokea kila mara vipimo viwili vinaposema karibu kitu kimoja.

Sasa tuchukue mashine inayobeba tarakimu tano tu na kukata zinazozidi. Kwa kanuni ya Cramer, 0.514020 inabaki 0.51402, na 0.514019 inakatwa kuwa 0.51401, hivyo determinanti inakuwa 0.00001, mara kumi ya ile ya kweli. Juu ya mgawo wa x tunahitaji 0.143003 ukitoa 0.143002. Zote mbili zinakatwa kuwa 0.14300, na tofauti ni sifuri. Juu ya mgawo wa y, 0.198120 na 0.198121 zote zinakuwa 0.19812, na tofauti ni sifuri tena. Kanuni ya Cramer inatangaza kwamba x = 0 na y = 0. Rudisha majibu hayo kwenye milinganyo: upande wa kushoto unatoa sifuri, wakati kulia kuna 0.217 na 0.254. Jibu hilo halitimizi mlinganyo hata mmoja, na mashine haijatoa ishara yoyote ya kushtuka.

Kwa njia ya kuondoa, mashine hiyo hiyo inaanza na mlinganyo wa pili kwa sababu 0.913 ni kubwa kuliko 0.780. Inagawanya 0.780 kwa 0.913 na kupata 0.85432. Inazidisha mlinganyo wa pili kwa namba hiyo na kuutoa katika wa kwanza, na kubaki na 0.00001y = 0.00001. Hivyo y = 1, na kwa kurudi nyuma x = −0.44359. Jibu hili nalo liko mbali na ukweli, hata alama ya y imegeuka. Lakini lirudishe kwenye milinganyo. Wa kwanza unatoa 0.2169998 na wa pili 0.2540023. Baki, yaani tofauti kati ya kilichotakiwa na kilichopatikana, iko kwenye tarakimu ya sita na ya saba ya desimali, nje ya uwezo wa mashine kuiona.

Tofauti kati ya makosa hayo mawili ni kubwa. Jibu la njia ya kuondoa ni jibu sahihi la mfumo ulio karibu sana na ule uliopewa, karibu kiasi kwamba kama namba za mwanzo zilitoka kwenye vipimo vya maabara, hakuna kipimo kingeweza kuitofautisha mifumo hiyo miwili. Uovu uko kwenye swali lenyewe. Jibu la Cramer halina utetezi huo. Kanuni imetoa namba mbili zinazokaribiana sana moja kwa nyingine, tarakimu zenye maana zikafutana, na kilichobaki hakina uhusiano na milinganyo iliyoanza nayo.

Hilo ndilo Wilkinson na wenzake waliloligundua kwa mikono yao. Mfumo wao wa 18 ulikuwa mgumu kiasi: walipofika mlinganyo wa mwisho, namba iliyobaki ilikuwa imeshuka hadi sehemu za elfu kumi. Walitazamia maafa. Waliporudisha majibu kwenye milinganyo ya awali, baki zilikuwa ndogo mno, za kiwango ambacho hata jibu kamili lililokatwa kwenye tarakimu kumi lingeacha. Duru moja au mbili za kusahihisha jibu kwa kutumia baki hizo zikaonyesha kwamba jibu la kwanza lilikuwa na tarakimu karibu sita sahihi. Mwaka 1948 Turing alichapisha uchambuzi wake wa makosa ya kukata desimali katika kazi za matriksi, na Wilkinson akautumia muda mrefu wa maisha yake kueleza kwa nini njia ile ya kale ni imara kuliko ilivyodhaniwa.

Uimara huo una sharti moja, nalo limeonekana tayari kwenye mfano: namba ya kufutia ichaguliwe kwa uangalifu. Mtu akiukosea utaratibu huu, njia ya kuondoa inaharibika vibaya. Chukua 0.0001x + y = 1 na x + y = 2, kwa mashine ya tarakimu tatu. Majibu ya kweli yote mawili yako karibu sana na 1. Ukifutia kwa 0.0001, mlinganyo wa kwanza unazidishwa kwa 10,000 na kuumeza wa pili kabisa: −9,999y = −9,998 inakatwa pande zote kuwa namba moja, y inakuwa 1, na x inatoka sifuri. Ukibadilisha nafasi ya milinganyo na kufutia kwa 1, x inatoka 1 na y inatoka 1. Kwa hiyo programu zote nzuri, kila zinapoanza kufuta safu mpya, hutafuta kwenye safu hiyo namba iliyo kubwa kuliko zote, bila kujali alama yake, na kuupandisha juu mstari wenye namba hiyo. Wale wanne wa Teddington walikwenda mbali zaidi: waliitafuta namba kubwa kuliko zote kwenye jedwali lote lililobaki.

Determinanti ina mtego mwingine unaowanasa hata wahandisi wazoefu. Kwa kuwa determinanti sifuri ina maana ya mfumo usio na jibu moja, wengi hudhani determinanti ndogo ina maana ya mfumo ulio hatarini. Sivyo. Chukua milinganyo 400 rahisi kabisa, kila mmoja ukiwa na namba isiyojulikana yake mwenyewe iliyozidishwa kwa 0.1. Mtoto wa shule anaitatua yote kwa kuzidisha kwa 10. Lakini determinanti yake ni 0.1 iliyojizidisha mara 400, namba ndogo kiasi kwamba hesabu ya kawaida ya desimali kwenye kompyuta, ambayo uwezo wake unaishia karibu na sifuri 323 baada ya nukta, inaiandika kuwa sifuri kamili. Programu inayoangalia determinanti itasema mfumo hauna jibu. Ukubwa wa determinanti unategemea vipimo vilivyotumika, mita au sentimita, shilingi au maelfu ya shilingi, na mfumo haubadiliki ugumu kwa sababu mtu amebadilisha kipimo.

Kanuni ya Cramer inabaki na makao yake. Wachumi huitumia kwenye mifumo midogo iliyoandikwa kwa herufi badala ya namba, ili kujua kama bei itapanda au kushuka pale kodi inapoongezwa. Hapo kinachotafutwa ni alama ya jibu, na fomula inaionyesha wazi. Wanahisabati huitumia kuthibitisha: ikiwa namba zote za mfumo ni nzima na determinanti ni 1 au −1, basi majibu yote lazima yawe namba nzima, jambo linaloonekana mara moja kwenye fomula na lisiloonekana kirahisi kwenye hatua za kufuta. Kwa milinganyo miwili yenye namba nzima ndogo kwenye mtihani, inafaa sana.

Anayetaka majibu ya namba kwa mfumo mkubwa zaidi ya hapo aiachie kompyuta njia ya kuondoa, ambayo tayari imo ndani ya maktaba za programu zilizojaribiwa kwa miongo mingi. Kwa lugha ya Python, swali la miganda linaandikwa hivi:

```
import numpy as np
A = np.array([[3., 2, 1], [2, 3, 1], [1, 2, 3]])
b = np.array([39., 34, 26])
x = np.linalg.solve(A, b)
print(x, b - A @ x, np.linalg.cond(A))
```

Mstari wa nne unafuta na kurudi nyuma, pamoja na kubadilisha nafasi za mistari inapobidi. Mstari wa mwisho unachapa majibu, kisha baki, kisha namba ya tatu inayopima ni kwa kiasi gani kosa dogo kwenye vipimo linaweza kukuzwa kwenye majibu. Kwa miganda ya Wachina namba hiyo ya tatu ni ndogo, na majibu ni ya kuaminika. Kwa mfumo wa 0.780 na 0.913 iko katika mamilioni. Baki peke yake isimridhishe mtu, kwa sababu kwa mfumo huo baki ilikuwa ndogo na jibu lilikuwa mbali. Namba hiyo ya tatu ikifika mamilioni na vipimo vyako vina tarakimu tatu tu za uhakika, usiyaandike majibu kwenye ripoti: rudi ukapime upya, au utafute kipimo kingine kisichorudia kile ulichonacho.